Naomba ushauri: FM yetu ina kelele, niongeze nguvu au mchepuko?

Habari zenu wakuu. Natunza transmita ya FM ya redio ndogo ya jamii. Wasikilizaji wa mbali wanalalamika kwamba nyuma ya sauti kuna "shhh". Nimepima: sauti kali kabisa inachepusha frikwensi kwa kHz 25 tu, wakati tunaruhusiwa 75. Antena na kebo nimekagua, ziko sawa.

Kwa hesabu yangu, nguvu ya kelele hupungua kwa mraba wa mchepuko. Tukifika 75 tunapata nafuu ya mara 9, karibu desibeli 9.5, bila kuongeza hata wati moja. Upana utatoka 2×(25+15), yaani kHz 80, hadi 180. AM ingetumia 30 tu, lakini huko radi huingia moja kwa moja kwenye kimo cha wimbi.

Kinachonitatiza ni wachache wanaosikia mipasuko, "pa! pa!", si "shhh". Nahofia kwao mawimbi yanafika hafifu mno, na hapo mchepuko hausaidii.

Je, nikiwa huko na redio, nitathibitishaje hilo? Pia moduleta yetu hubadilisha awamu, na besi zinatoka dhaifu: niikague saketi ya kuintegreti iliyo kabla yake?