Kumtoa, kumsemesha, au kufungua grupu jipya? Skrinshoti za chama zimefika nje

MwekaHazina_Langoni
Assalamu alaykum. Chama chetu hapa Lamu ni cha wanawake 18, tunaweka akiba na kukopeshana, na mengi tunayazungumza kwenye grupu la WhatsApp. Wiki iliyopita tulijadili mkopo wa mwenzetu uliochelewa. Siku mbili baadaye shemeji yake akamuonyesha skrinshoti ya mazungumzo yale yale, jina na kiasi cha deni vyote viko wazi. Mama wa watu hatoki nje kwa aibu.

Yupo tunayemshuku. Wengine wanataka atolewe leo leo, wengine wanasema aitwe asemeshwe, na wengine tufungue grupu jipya yeye tumuache kule. Nyinyi mngefanya lipi?

Bahari_Shela
Mtoeni, na mapema. Kisha washeni ile sehemu mpya ya `Advanced chat privacy`, hakuna atakayeweza kupiga skrinshoti tena.

Fundi_Mkunguni
Bahari, hapo kidogo sivyo. Ile inazuia mtu kuhamisha mazungumzo yote nje ya grupu, na picha zisijihifadhi zenyewe kwenye simu. Skrinshoti ya maandishi bado inapigwa, na WhatsApp haimwambii mtu yeyote. Kumtoa nako hakufuti kitu: yote aliyokwisha kuyapokea yanabaki kwenye simu yake.

Dada, kabla ya kuchagua, itazameni picha yenyewe. Ujumbe wa mwenye simu hukaa kulia, wa wengine kushoto. Na majina yanatokea vile alivyoyahifadhi yeye. Asiyehifadhiwa huonekana kwa namba, au kwa alama ya ~ mbele ya jina alilojiandikia mwenyewe. Je, majina hayo yanalingana na simu ya huyo mnayemshuku?

Kaka_wa_Malindi
Hizi skrinshoti zimetuumiza na sisi. Mteja alinionyesha ya M-Pesa, nikampa samaki, kumbe pesa haikuingia. Siku hizi natazama salio langu kwanza.

MwekaHazina_Langoni
Pole kaka, ila letu ni jingine.

Fundi, nimeitazama tena. Hakuna ujumbe ulioko kulia. Mimi nimeandikwa "Shangazi Hazina", na wenzetu wawili wana ile ~. Tunayemshuku ndiye mkusanyaji wetu, namba zetu zote anazo. Na ukingoni kushoto imekatwa nusu orodha ya mazungumzo mengine.

Fundi_Mkunguni
Orodha kukaa ubavuni mwa mazungumzo ni sura ya kompyuta, kwenye simu ya kawaida huioni hivyo. Basi yawezekana WhatsApp ya mmoja wenu iko wazi kwenye kompyuta ya mtu, na mwenyewe hana habari. Kila mmoja afungue `Linked devices` kwenye simu yake. Akikuta kifaa asichokijua, akiguse na achague `Log out`. Lakini kwanza apige picha ya jina la kifaa na saa kilipotumika mwisho, kwa sababu akishakitoa hatayaona tena.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Wanangu, mngemtoa huyo mkusanyaji mngemdhulumu. Na kumtoa kwenye grupu si kumtoa kwenye chama. Akiba yake iko kwenu bado, na habari za mikutano mtampelekea kwa njia gani? Grupu jipya ni vivyo hivyo. Lamu ni ndogo, atajua kabla ya magharibi, na kama uvujaji hautoki kwake utahamia huko pamoja nanyi.

Mimi nachagua kusemesha. Waende wawili, nyumbani kwake, wamuulize kama picha ilitoka simu yake. Wasianze na "kwa nini umetutoa nje". Akithibitika na akarudia, hapo mfuate katiba ya chama, na yeye apewe nafasi ya kujieleza mbele ya wote. Madeni nayo yaondoeni kwenye simu. Yasomwe kwenye daftari siku ya mkutano, mdaiwa akiwepo.

Bahari_Shela
Bi, akiwa ni mtu wa tabia hiyo, kusemeshwa kutamfunza kuficha tu. Mimi bado naona atolewe, ila baada ya kuthibitika.

MwekaHazina_Langoni
Tumekipata. Mwenzetu mmoja alimpa mpwa wake simu amchapishie karatasi, na kompyuta ya huyo kijana ikabaki imeunganishwa. Anayeniita Shangazi Hazina ni yeye huyo mwenzetu. Kifaa kimetolewa, na madeni yamerudi daftarini. Bi Mkubwa, kesho tunakwenda wawili kwa mkusanyaji kumuomba radhi, maana fununu zilishamfika.

Linalotugawanya sasa ni mwenye simu. Wapo wanaosema hana kosa, wapo wanaotaka alipe faini. Na mdaiwa anataka kijana mwenyewe aende kwa shemeji akafute ile picha mbele yake. Mama wa kijana hajakubali.