Tupeane uzoefu: kizunguzungu na kuzimia chooni kwa wenye presha na maradhi ya moyo

MamaTunu: Ndugu zangu, baba yangu mwenye umri wa miaka 71 anatumia verapamili kwa ajili ya presha, pamoja na dawa ya kukojoza. Juzi alipokuwa akijikamua alitokwa na jasho jembamba, macho yakaingia giza, akaanguka ubavu huku mlango ukiwa umekomewa kwa ndani. Alizinduka upesi. Waliopatwa na hali hii walibaini nini?

Mzee Kombo: Mimi kizunguzungu kilinishika wakati wa kuinuka, si wakati wa kusukuma. Nilipopimwa presha nikiwa nimelala, kisha nikiwa nimesimama, ilionekana inashuka sana, na daktari akanipunguzia dawa. Kuhusu choo kigumu, tiba ni maji tu. Anywe kwa wingi.

Muuguzi Mstaafu: Mzee wangu, la kuinuka umelisema vyema, lakini maji kwa wingi hayamfai kila mtu, kwa kuwa mwenye moyo ulioshindwa kazi huenda amewekewa kiasi cha maji kwa siku. MamaTunu, mtu anapobana pumzi na kusukuma, kifua hubanwa, damu inayorudi moyoni hupungua, na presha iliyopanda mwanzoni huanza kushuka. Anapoachia pumzi hushuka tena kidogo, kisha huruka juu kuliko ilivyokuwa. Moyo mzima huvumilia hayo, ila baba yako dawa ya kukojoza huenda imempunguzia maji mwilini, na verapamili yenyewe inajulikana kwa kufunga choo. Asiiache kwa uamuzi wake. Mwambieni daktari, ambaye anaweza kuibadilisha au kuongeza laktulozi ya kulainisha choo. Kwa sasa aweke miguu juu ya kigoda ili magoti yainuke, atoe pumzi taratibu badala ya kuibana, na choo kikikataa aondoke. Dalili zile zikianza, ateremke alale sakafuni kabla hajaanguka.

Salma B.: Mimi nina bawasiri na huona damu. Je, ndiyo inayonipa kizunguzungu?

Muuguzi Mstaafu: Dada, hilo ni jambo jingine, ingawa damu ikipotea kwa muda mrefu inaweza kukufikisha huko, basi upimwe wingi wa damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri.

MamaTunu: Kwa hiyo tukibadilisha dawa tutakuwa tumemaliza?

Muuguzi Mstaafu: Siwezi kusema hivyo. Mwenye maradhi ya moyo au presha akizimia apimwe umeme wa moyo na asikilizwe vali, kwani mapigo yaliyovurugika au vali iliyosinyaa humwangusha mtu hata mahali pengine, na kujikamua kukawa kisingizio tu. Aliumwa kifua au moyo ulimwenda mbio kabla ya kuanguka?

MamaTunu: Anasema hakumbuki. Kesho tunampeleka, lakini suala la kutokomea mlango bado amelikataa katakata.

Mzee Kombo: Wekeni kitasa kinachofunguka kwa nje. Mimi ndivyo nilivyokubaliana na wanangu.