Benki iko sifuri lakini ripoti inasema tumebaki na euro 138, nisaidieni

Mama_Nyalenda: Wadau habari za jioni. Niko na kashirika kadogo hapa Kisumu, ripoti ya dona inaisha Ijumaa. Dona alituma euro 20,000 kwa awamu mbili. Ya kwanza 12,000, kwa akaunti zikaingia kama 11,980 kwa reti ya 140, ya pili 8,000 zikaingia 7,980 kwa reti ya 150. Jumla benki ikatupa shilingi 2,874,200 na zote zimetumika, risiti ziko, kila vocha ina msimbo wa laini yake ya bajeti. Sasa template ya dona ina reti ya 145, ile ya bajeti, nikigawa matumizi yote kwa 145 napata euro 19,822. Nikiongeza zile 40 zilizokatwa njiani bado kuna 138 hazionekani. Ziko wapi na benki haina kitu??

Bonde_la_Ufa: Tumia reti ya Benki Kuu ya mwisho wa mwezi wa ripoti, hiyo ndio rasmi, auditor hawezi kukusumbua.

Mhasibu_Milimani: Kaka, hiyo ya Benki Kuu inafaa kama mkataba umeitaja, lakini wewe dada pesa zako zilibadilishwa na benki yako kwa reti yake, ukileta reti nyingine yoyote lazima pengo litokee. Hizo 138 hakuna mtu amezila. Chukua 2,874,200 ugawe kwa euro zilizofika kweli, 19,960, utapata karibu 144. Ile 145 ni makadirio ya siku mliyoandika bajeti. Hiyo shilingi moja ya tofauti kwa kila euro ndiyo hizo 138 zako.

Kijana_wa_Busia: Mimi yangu ni kodi ya ofisi, dona wawili na kila mmoja anataka risiti orijino, landilodi anatoa moja tu, hapo mnafanyaje?

Mhasibu_Milimani: @Kijana_wa_Busia fungua uzi wako, hiyo ni ya kugawanya gharama. Kwa ufupi orijino inakaa kwako na kila dona anaonyeshwa kopi yenye asilimia yake imeandikwa juu.

Dada nirudi kwako. Kuna njia mbili na zote zinafika 19,960. Ya kwanza ni wastani, 144 kwa kila vocha. Ya pili ni kumaliza awamu ya kwanza kwanza, shilingi 1,677,200 za mwanzo zinagawanywa kwa 140, zinazobaki kwa 150. Jumla ni ile ile lakini laini zinabadilika, na hapo ndio watu huumia. Je, mlipeleka ripoti ya katikati? Kwa reti gani?

Mama_Nyalenda: Tulipeleka ndio, kwa 140. Mafunzo yote yalikuwa awamu ya kwanza, shilingi 900,000, bajeti ya hiyo laini ni euro 6,000.

Mhasibu_Milimani: Basi kaa na njia ya pili. Kwa 140 mafunzo ni euro 6,429, umezidi kama asilimia 7. Kwa wastani ingekuwa 6,250 na inapendeza zaidi, lakini dona tayari ana 6,429 kwa faili yake, akiona namba ya kitu kilichokwisha lipwa imeshuka atauliza. Angalia mkataba unaruhusu laini izidi kwa asilimia ngapi. Nyingi nimeona 10, yako usiibahatishe. Kwa Excel ongeza safu ya awamu, vocha iliyovuka mpaka wa 1,677,200 uikate mara mbili, alafu:

```
=SUMIFS(F:F,C:C,"M1",B:B,"A1")/140
```

M1 ni msimbo wa mafunzo, A1 awamu ya kwanza, safu F ni shilingi, C ni misimbo, B ni awamu.

Bonde_la_Ufa: Sawa hapo nimeelewa. Lakini hizo 40 mimi ningeandika tu kwamba tulipokea 19,960, mambo yaishe.

Mhasibu_Milimani: Hapana, vitabu vya dona vinasema 20,000. Andika mapato 20,000 na 40 kama makato ya benki.

Mama_Nyalenda: Shida bajeti haina laini ya makato ya benki 😩

Hazina_ya_Kakamega: Dona wengine wanakubali uziweke kwa laini ya utawala, wengine wanakataa kabisa na shirika linalipa mfukoni. Sisi tulikataliwa. Mwandikie leo kabla hujatuma, usisubiri aone. Na omba benki kopi ya MT103 za awamu zote mbili, inaonyesha dona alituma ngapi na njiani kulikatwa ngapi. Kwa sehemu ya makato ukiona SHA, mliyagawana. Awamu nyingine muombe atume kwa OUR, ili akatwe yeye huko kwao.

Mama_Nyalenda: Asanteni sana. Nimemwandikia saa hii, kesho asubuhi niko benki kuomba hizo kopi. Akikataa 40 nitarudi hapa.