Ripoti ya maabara: hesabu zote sahihi, alama zimekatwa kwa sababu ya tarakimu muhimu. Naomba ufafanuzi

Kandambili
Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua kemia ya maabara. Jaribio lilikuwa la kupima joto linalotoka asidi na besi zinapoungana. Tulichanganya HCl 50 mL ya 1.0 M na NaOH 50 mL ya 1.0 M kwenye kikombe cha foamu. Kipimajoto ni kile cha kawaida chenye mistari ya nyuzi moja moja. Jotoridi la mwanzo 24.5, la mwisho 31.

Hesabu niliyoandika:

```
ΔT = 31 - 24.5 = 6.5 °C
q  = 100 × 4.18 × 6.5 = 2717 J
n  = 0.050 mol
ΔH = -54.34 kJ/mol
```

Jibu la vitabuni ni karibu -57.3, kwa hiyo nikaandika kosa ni 5.17% na kwamba limetokana na joto kupotea kupitia kikombe. Mkufunzi amekata alama sehemu tatu: kwenye jedwali, kwenye jibu na kwenye mjadala. Zote ameandika "tarakimu muhimu". Nimerudia kwenye kalkuleta, 54.34 inatoka vilevile. Sasa kosa liko wapi kama hesabu ni sahihi?

Chuchu wa Tanga
Mkuu, dawa yake rahisi. Andika kila kitu kwa desimali mbili, kuanzia jedwali mpaka jibu. Ukiwa na mpangilio mmoja hakuna wa kukukata.

Bandari ya Kale
Chuchu, kwa bureti hiyo inafanya kazi, kwa kipimajoto cha Kandambili itamkatisha alama zaidi. Akiandika 24.50 anamwambia msomaji kwamba aliona sehemu za mia za nyuzi, na kipimajoto chenye mistari ya nyuzi moja hakina uwezo huo. Hapo jicho linaweza kukisia nusu ya nafasi kati ya mstari na mstari, basi. Idadi ya desimali inaamuliwa na chombo, haiamuliwi na ripoti.

Kandambili, tuanze na jedwali kwa sababu makosa mengine yote yamezaliwa hapo. Umeandika 24.5 kisha ukaandika 31. Kalkuleta haioni tofauti kati ya 31 na 31.0, lakini anayesahihisha anaiona. 31.0 inasema "nimetazama, zebaki imekaa kwenye mstari wenyewe". 31 inasema "ni mahali fulani karibu na 31, nusu sikuijali". Kwenye kutoa, jibu linabaki na desimali chache kama za namba yenye desimali chache kuliko zote. Kwa 31 isiyo na desimali, hukuwa na haki ya kuandika 6.5. Ungetakiwa uandike 6 au 7, na hebu angalia kinachotokea: kwa 6 ΔH inatoka -50, kwa 7 inatoka karibu -59. Sifuri moja uliyoiacha imebeba pengo lote hilo.

Nyuzi Arobaini
Hapo kwenye sifuri niongeze kitu kidogo. Wengi hawaiachi makusudi, inafutwa na kompyuta. Ukiandika 31.0 kwenye Excel, seli inaonyesha 31. Chagua safu nzima, ingia Format Cells, kisha Number, weka Decimal places kuwa 1. Ukipenda kuandika mwenyewe kule kwenye Custom ni `0.0`. Usitegemee `ROUND`, hiyo inakadiria thamani tu, sifuri ya mwisho hairudishi.

Msahihishaji KE
Kwetu Kenya jambo hili mwanafunzi hukutana nalo mapema. Kwenye jedwali la bureti la KCSE, matumizi ya desimali yana alama zake pekee, kando na alama za jibu. Unaweza kutumia desimali moja au mbili, ila safu yote iwe sawa, na ukitumia mbili, ile ya pili iwe 0 au 5 kwa sababu bureti yenye mistari ya 0.1 haisomeki zaidi ya hapo. Anayeandika 23.47 anaonekana mara moja kwamba ametunga. Kwa halijoto ni vivyo hivyo: .0 au .5.

Kandambili
Asanteni. Jedwali nimeelewa. Tuseme basi niliandika 31.0. Hapo 6.5 ni halali. Mbona 54.34 bado ina tatizo? Nami 24.5 na 31.0 zote zina tarakimu tatu, 4.18 ina tatu. Nilitegemea angalau 54.3.

Bandari ya Kale
Tarakimu tatu ulikuwa nazo kabla ya kutoa. Baada ya kutoa umebaki na mbili: 6 na 5. Hapa ndipo ripoti nyingi za joto zinapoanguka, maana watu huhesabu tarakimu za usomaji wakasahau kwamba kinachoingia kwenye hesabu ni tofauti ya usomaji. Namba mbili kubwa zinazokaribiana ukizitoa, sehemu ya mbele inafutika na unabaki na mkia wenye shaka. Kutoka hapo ni kuzidisha na kugawanya, kwa hiyo jibu linafuata namba yenye tarakimu chache kuliko zote, nazo ni mbili. -54 kJ/mol. Hata 1.0 M yako ina mbili tu, kwa hiyo ungepigwa breki hapo hata kama kipimajoto kingekuwa kizuri.

Usijali kuhusu 1000 ya kubadili J kuwa kJ wala uwiano wa 1:1 wa asidi na besi. Hizo hazikupimwa, hazina shaka ndani yake, na hazipunguzi tarakimu.

Njia bora ya kuiona ni kurudi kinyumenyume. Kwenye jaribio lako nyuzi 1 ya ΔT ni sawa na 8.36 kJ/mol. Basi ile .34 uliyoiandika mwishoni ni sawa na nyuzi 0.04 hivi. Ukishika kile kipimajoto mkononi, unaweza kuonyesha nyuzi 0.04 iko wapi kati ya mistari miwili? Haipo. Hiyo ndiyo alama iliyokatwa. Kuzidisha kwako hakuna mtu anayekupinga.

Pwani Asilia
Mimi yangu ni pH. Mita inasoma 3.40, nikageuza nikapata 3.98 × 10⁻⁴, wakakata, wanataka 4.0 × 10⁻⁴. 3.40 si tarakimu tatu jamani?

Nyuzi Arobaini
Pwani, ile 3 ya mbele kwenye pH inataja tu kipeo cha kumi. Kipimo chenyewe kiko baada ya nukta, yaani 40, tarakimu mbili. Ndiyo maana 4.0. Ila fungua uzi wako, huu wa joto una mengi yake.

Chuchu wa Tanga
Nimekubali ya kipimajoto. Kwa hiyo Kandambili akadirie kila hatua kwa tarakimu mbili, si ndiyo? 2717 aifanye 2700, kisha agawanye.

Bandari ya Kale
Hapana, hapo utaingiza kosa lako juu ya kosa la chombo. Beba namba yote kwenye kalkuleta hadi mwisho, kadiria mara moja tu unapoandika jibu. Safari hii 2700 na 2717 zote zinafika 54, lakini angalia asilimia ya kosa. Ukitumia 54.34 unapata 5.2%. Ukitumia 54 iliyokwisha kukadiriwa unapata 5.8%, na mtu ataandika 6%. Hesabu kutoka kwenye namba kamili, kisha andika "karibu 5%". Tofauti kati ya 57.3 na 54 ni 3, tarakimu moja, kwa hiyo asilimia nayo inastahili moja.

Sasa mjadala, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Umesema upungufu unatokana na joto kupotea. Upungufu ni kama 3 kJ. Nusu nyuzi kwenye kipimajoto chako ni 4 kJ. Yaani kitu unachokieleza ni kidogo kuliko usomaji mmoja ukikosewa kwa nusu nyuzi. Ukichukua ±0.5 kwa kila usomaji, ΔT inaweza kuwa na shaka ya nyuzi 1 nzima ikiwa makosa yote mawili yameangukia upande mbaya, na hiyo ni 8 kJ. -57.3 iko ndani kabisa ya eneo hilo. Data yako haipingani na jibu la vitabu, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba joto limepotea. 5.17% iliyoandikwa kwa tarakimu tatu ndiyo iliyokufanya uone pengo la kueleza.

Msahihishaji KE
Hapo tunatofautiana kidogo, Bandari. Joto linapotea kweli kupitia kikombe na kipimajoto chenyewe, na kosa hilo daima huvuta upande mmoja. Darasa zima likipata chini ya 57, siwezi kumkata mwanafunzi anayetaja joto kupotea. Tena ±0.5 kwa kila usomaji ni kali mno kwa mtu anayekisia nusu nafasi. Wengi huchukua ±0.25.

Bandari ya Kale
Darasa zima likipata chini, hoja yako inasimama, kwa sababu hapo kuna usomaji mwingi na makosa ya bahati yangegawanyika juu na chini. Kandambili ana jaribio moja. Kuhusu ±0.25 au ±0.5 vyuo havikubaliani. Asome mwongozo wa maabara yake na auandike kwenye ripoti. Ukitumia 0.25, shaka ya ΔT inashuka hadi nyuzi 0.5, bado ni 4 kJ, na bado inazidi 3.

Chuchu wa Tanga
Si atumie ujazo mkubwa tu? 100 mL kwa 100 mL, joto liwe jingi.

Nyuzi Arobaini
Joto litakuwa maradufu na maji ya kupasha nayo maradufu, ΔT inabaki ileile 6.5. Utapunguza kidogo joto linaloliwa na kikombe, lakini usomaji haubadiliki. Kinachosaidia ni kuongeza ukali: 2.0 M kwa 2.0 M, ΔT inakaribia 13, na shaka ileile ya kipimajoto inakuwa nusu ukilinganisha na kipimo. Au uombe kipimajoto chenye mistari ya 0.1. Hapo utaandika 24.50 na 31.00 bila wasiwasi, ila sasa chupa iliyoandikwa 1.0 M ndiyo itakayokuzuia, kwa hiyo uliza kama iliwahi kupimwa hadi 1.00.

Kandambili
Nimewapata. Ripoti inaruhusiwa kurudishwa mara moja. Nikiandika -54 ± 4 kJ/mol, mkufunzi aliyetaka tarakimu mbili tu atakubali?

Bandari ya Kale
Andika, lakini onyesha 4 imetoka wapi: 0.5 ÷ 6.5 ni karibu 8%, na 8% ya 54 ni 4. Ukiiweka bila mstari huo ataiona kama umeikisia. Na 50 mL kwenye jedwali iandike kulingana na ulichotumia. Kama ilikuwa silinda ya kupimia yenye mistari ya 1 mL, ni 50.0 kwa kukisia hadi nusu, sawa na kipimajoto. Ila kama ulisoma kwa haraka bila kutazama mkunjo wa maji, usiiongeze hiyo sifuri sasa hivi ukiwa mezani.