Hundi imerudi na pesa nilishaziona kwenye simu, niiweke tena?

FundiMkomani: Assalaam alaykum wenzangu. Mimi ni seremala wa milango hapa Lamu. Nimemaliza kazi ya nyumba moja ya wageni Shela, mwenyewe akanipa hundi ya 148,500/=. Alikosea mwezi kwenye tarehe. Nilipomuonyesha akaukata, akaandika mwingine juu yake na kutia sahihi pembeni. Ijumaa asubuhi nikaipeleka benki. Jioni nikaona salio limepanda, nikampigia muuza mbao wa Malindi apakie mzigo. Jumatatu pesa zimeondoka, tena nimekatwa ada. Mwenye nyumba anaapa akaunti yake ina pesa. Niiweke tena hiyo hiyo?

Jahazi7: Irudishe tu kaka. Tarehe ikisahihishwa na mwenyewe akatia sahihi, haina neno. Baba yangu kalipwa hivyo miaka na miaka.

KauntaZamani: Jahazi, hayo yalikuwa kweli zamani. Tangu 2011 hapa Kenya karatasi yenyewe haisafiri. Benki yako huipiga picha, na picha ndiyo inayokwenda benki ya aliyeandika. Kwenye picha hutambui ni nani aliyekata maneno, ndiyo maana hundi iliyorekebishwa hurudishwa hata ikiwa na sahihi pembeni. Fundi, ukiiweka tena itarudi tena. Ingekuwa imerudi kwa kukosa pesa, hapo ungeweza kuijaribu siku nyingine. Hii yataka hundi mpya, na usimrudishie ya zamani kabla hujaishika mpya, maana ndiyo ushahidi wako.

Na lile salio, mwanangu: benki iliandika kwamba imepokea hundi, si pesa. Hundi ya Ijumaa huiva Jumatatu, siku ya kazi inayofuata. Kabla ya kuagiza mbao, angalia kiasi unachoweza kutoa, usiangalie jumla.

BintiNgomeni: Mimi yangu ina mistari miwili kwenye kona. Kumbe hiyo ndiyo kurekebisha? Jana kaunta Malindi wamekataa kunipa taslimu.

KauntaZamani: Hapana dada, hiyo ni kinga. Mistari ile inasema pesa zisitolewe mkononi, ziingie akauntini. Iweke kwenye akaunti yenye jina lako kama lilivyoandikwa. Hata ikiibiwa njiani, mwizi hapati noti kaunta.

BintiNgomeni: Hundi imeandikwa jina la duka, na mimi sina akaunti ya duka.

KauntaZamani: Basi mrudie aliyekuandikia, akuandikie nyingine kwa jina lako kamili.

Jahazi7: Nimejifunza. Lakini ile ada, fundi, akulipe yeye, kosa la tarehe ni lake.

FundiMkomani: Anasema mimi ndiye niliyemwambia aikate na kurekebisha. Hapo bado tunavutana. Hundi mpya amekubali, kesho navuka Shela. Nitaketi naye aanze maneno ukingoni kabisa kushoto, asiache nafasi ya mtu kuongeza, na akikosea hata herufi, tunachana karatasi hiyo tunaanza nyingine.