Wakuu, mkono ulioshika bidhaa unanitoka kama wa mtoto. Nakosea wapi kwenye prompti?

Taa_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Leo siku ya tatu silali vizuri kwa sababu ya picha moja. Natengeneza tangazo kwa akili mnemba: mkono wa mtu mzima umeshika chupa ya manukato. Chupa inatoka safi, inang'aa, mwanga umekaa. Shida ni mkono. Mara kidole gumba kimerefuka mpaka kinaizunguka chupa, mara vidole vinne viko upande mmoja na gumba halijulikani limeishia wapi. Na hata vikitimia vitano, ukitazama unaona mkono wa mtoto wa miaka saba. Nimeshazalisha picha zaidi ya 200. Prompti yangu ni hii:

```
big beautiful perfume bottle, large in frame, elegant hand
holding it, perfect hands, five fingers, no extra fingers, 8k
```

Keshokutwa natakiwa kukabidhi. Naombeni msaada.

Kombora

Dawa iko kwenye kisanduku cha `Negative prompt`. Jaza humo `extra fingers, bad hands, deformed`, na kwenye prompti ongeza `85mm`. Mimi nafanya hivyo kila siku na sijawahi kulia.

Shangazi_Kamera

Kombora, la lenzi nakubaliana nawe nusu. Ukiitaja lenzi ya namna hiyo, picha huelekea kufanana na zile zilizopigwa kwa mbali kidogo, na chupa haisogezwi puani pa kamera ikaonekana jitu. Lakini kisanduku cha makatazo hakimfundishi mtu kushika kitu. Tena FLUX.1 dev, kwa matumizi yake ya kawaida, haikisikilizi kabisa. Na wewe Taa, ondoa hilo `no extra fingers` ndani ya prompti. Ukishayataja maneno "vidole vya ziada" umeshayaingiza kwenye picha, na ile `no` ya mbele haina nguvu ya kuyatoa.

Sasa nijibu jambo moja: chupa yenyewe ina ukubwa gani? Kipenyo na urefu.

Taa_ya_Usiku

Asante shangazi. Ni chupa ya kawaida tu, ukubwa wa kawaida wa manukato. Nadhani tatizo ni modeli, si chupa.

Baba_Wawili

Mimi nilipewa kazi ya kava za simu mwaka jana, mikono ilinitoka bila shida kuanzia picha ya pili. Nilishangaa watu wanalalamika nini. Baadaye nikapewa kifaa kidogo cha kusikilizia, kile cha sikioni, nikaona moto. Kilitoka kikubwa kama yai! Mke wangu akaniambia, si ushike mwenyewe upige picha? Nikapiga kwa simu mezani, yakaisha. Kijana, shika mwenyewe.

Shangazi_Kamera

Kisa cha Baba_Wawili kina somo. Modeli imeona watu wengi mno wameshika simu, kwa hiyo saizi ya simu na namna ya kuikamata inazijua tayari. Kitu isichokizoea inakikadiria kwa maneno yako. Ndiyo maana nimeuliza ukubwa.

Taa, kama hutaki kusema, tuipime picha. Fungua ile uliyoipenda zaidi, pima kwa pikseli upana wa kidole gumba kwenye kiungo cha karibu na kucha, halafu upana wa chupa mahali hapohapo.

Taa_ya_Usiku

Gumba 96, chupa 166.

Shangazi_Kamera

166 kwa 96 ni kama mara 1.7. Kidole gumba cha mtu mzima hapo kina upana wa takriban sentimita 2. Maana yake chupa ya kwenye picha ina kipenyo cha karibu sentimita 3.5, saizi ya chupa ya mililita 30. Yako ni mililita ngapi?

Taa_ya_Usiku

Sawa, niseme tu. Ni roloni ya mililita 10. Kipenyo sentimita 2, urefu 8.5. Mteja anataka ionekane kubwa na ya thamani, ndiyo maana niliweka `big` na `large`. Picha mbili za mwanzo alishazikubali na tangazo limepangwa kwa vipimo vile. Siwezi kurudi nyuma sasa. Nilitaka tu vidole vikae sawa.

Ustadh_Mtulivu

Ndugu yangu, huo ni udanganyifu. Mnunuzi ataagiza kitu cha kujaza kiganja, apokee kitu cha kidole. Hata vidole vikinyooka, picha itabaki na uongo wake.

Taa_ya_Usiku

Ustadh, sijaandika mililita 30 popote. Kila mtu anapiga bidhaa yake ipendeze.

Shangazi_Kamera

Niache la dhambi, niseme la kazi, kwa sababu hapa yamekutana. Umeagiza chupa kubwa. Ila modeli inajua chupa ya manukato ni kitu cha kutosha mkononi, na mkono nao unatakiwa uonekane wote. Njia rahisi ya kuikuza chupa mbele ya mkono ni kuupunguza mkono. Huyo ndiye mtoto wako wa miaka saba. Na gumba linaizunguka chupa kwa sababu chupa nene hukumbatiwa kwa kiganja kizima, wakati roloni hubanwa kwa ncha za vidole. Umeomba vitu viwili vinavyopingana, na modeli imekupa vyote kwa pamoja.

Ukitaka chupa ijaze picha, sogeza fremu karibu, usiikuze chupa. Mkono ukikatwa na ukingo wa picha kwenye kifundo, chupa itakuwa kubwa machoni na bado itabaki na upana wa gumba. Modeli haipimi sentimita, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Mpe mkono uwe rula. Jaribu hii:

```
tight close-up cropped at the wrist, adult hand, slim 10 ml
glass roller bottle held upright, pinched at its lower third:
thumb in front on the left edge, index and middle fingertips
just visible on the right edge, other fingers curled into palm,
bottle as wide as the thumb, slightly taller than the index
finger, soft side light, contact shadows under the fingertips
```

Ona nilivyoitaja kazi ya kila kidole. `Holding` peke yake ina maana kumi. Ukisema gumba liko mbele na vidole viwili vinachungulia upande wa pili, umeshaamua kipi kinamficha mwenzake, na makosa mengi ya vidole huzaliwa hapo pa kufichana.

Sina_Haraka

Samahani wakuu, mimi naona huu uzi umetungwa. Mwanzisha uzi kaanza na "natengeneza tangazo", kisha ghafla kuna mteja. Kwanza hajui ukubwa wa chupa, dakika chache baadaye anavyo vipimo mpaka nusu sentimita. Na shangazi kaja na prompti iliyopikwa tayari. Kesho tutaambiwa kuna kozi ya kulipia.

Kombora

Hata mimi hilo la mililita 10 limenitia shaka. Mtu anaficha ukubwa wa chupa kwa faida gani?

Taa_ya_Usiku

Kwa aibu. Vipimo viko kwenye karatasi ya mteja, chupa yenyewe sijawahi kuishika, iko kwake. Nilijua mkisikia ni ndogo mtaniambia nisiikuze, na ndicho mlichoniambia. Sina kozi yoyote. Wacha nijaribu niwaletee majibu.

Shangazi_Kamera

Na mimi siuzi kitu, Sina_Haraka. Nimepiga picha za bidhaa kwa kamera kabla ya mambo haya, na kupima kwa gumba ni tabia ya zamani.

Baba_Wawili

Kama hajawahi kuishika, atajuaje inavyoshikwa? Mimi bado nasema ashike kitu.

Shangazi_Kamera

Umenena. Taa, tafuta kalamu nene ya kuandikia ubaoni, yenye unene wa sentimita 2 hivi, ibane vile nilivyoeleza, upige picha kwa simu. Itumie hiyo kama picha ya kuanzia. Tena uiangalie vizuri: ngozi ya ncha ya kidole inajibapa kidogo pale inapogusa, na kuna mstari mwembamba wa kivuli. Picha ikikosa viwili hivyo, vidole vinaonekana vinaelea hata vikiwa vitano kamili.

Taa_ya_Usiku

Nimerudi. Picha ya sita kwa prompti ya shangazi: gumba pikseli 141, chupa 150. Mkono ni wa mtu mzima! Nimekaa nauangalia tu. Sikutegemea kwamba nikiitaja ndogo ndipo itapendeza. Ila nilipojaribu fremu pana kwa ajili ya bango, ncha za vidole za upande wa kulia zimekuwa uji.

Shangazi_Kamera

Zina pikseli ngapi kwa upana?

Taa_ya_Usiku

24 hivi.

Shangazi_Kamera

Basi. Modeli za jamii ya Stable Diffusion huchora kwenye picha iliyofinywa mara 8 kila upande, kwa hiyo kidole chako kimepewa vyumba 3 tu. Humo hakuingii kucha, kiungo na kivuli. Nenda `Inpaint`, chagua `Only masked` ili sehemu hiyo ichorwe kwa ukubwa kamili kisha irudishwe mahali pake. Maski ifunike ncha za vidole pamoja na ukingo wa chupa, vinginevyo kivuli cha mgusano hakitakuwa na pa kukaa. `Denoising strength` anzia 0.4. Ukiiacha 0.75 inayokuja nayo, vidole vitapangwa upya na utarudi ulikotoka. Lebo usiiguse, ibandike halisi mwishoni.

Na unapokagua, usihesabu ncha. Fuata kila kidole kuanzia kwenye fundo lake, uone kinaingia wapi nyuma ya chupa na kama kinatokea mahali panapowezekana.

Taa_ya_Usiku

0.4 imefanya kazi, 0.5 imenipa kucha mbili kwenye kidole kimoja. Limebaki moja. Kioo ni angavu, na kidole cha kati kilicho nyuma yake kinaonekana kama kimekatwa: kile cha ndani ya kioo hakilingani na cha nje.

Kombora

Hiyo ni kasoro, futa.

Shangazi_Kamera

Si lazima iwe kasoro. Chupa ya mviringo iliyojaa kimiminika ni lenzi, na kidole kilichogusana nayo kwa nyuma huonekana kimepanuka kwa upana hata kwenye picha ya kweli. Kikiwa kimepanuka, kiache. Kikiwa kimehama juu au chini kuliko cha nje, hapo modeli imekosea. Mimi huwa nakwepa kwa kuvipeleka vidole nyuma ya lebo. Kuitengeneza kwa maneno bado sijapata njia ninayoiamini.

Ustadh_Mtulivu

Na zile picha mbili za mwanzo alizozikubali mteja?

Taa_ya_Usiku

Nimemtumia hii mpya pamoja na vipimo, nikamwambia ukweli kwamba zile zinaonyesha chupa nene kuliko yake. Amesoma, hajajibu.