Mrejesho: kanga ya kujifunga kiunoni, jina limekaa sawa sasa

Niliuliza: "Nimeedit picha nimemvalisha dada kanga kiunoni, mbona inaonekana kama stika na jina linasomeka lote mbele?"

Wakuu nimerudi, imekubali. Kosa la kwanza halikuwa la programu kabisa, nilichukua kanga nikajifunga mwenyewe mbele ya kioo ndo nikaelewa, ukishika ncha mbili ukazileta mbele basi katikati ya kanga inabaki nyuma, na jina liko katikati juu ya pindo la chini, kwahiyo linakaa nyuma usawa wa miguu. Mbele unaona pindo la upande linashuka wima pale kanga inapopishana, na la chini linazunguka miguuni. Kwahiyo nimebadili picha, nimetumia aliyopigwa kwa nyuma.

Mikunjo nayo, Displace inapindisha tu herufi, haifichi kitu, jina lote linabaki linasomeka hata ndani ya mkunjo na hapo ndo macho yanashtuka. Nimekata kanga vipande kufuata mikunjo, nikavisogeza vipishane mpaka herufi mbili zikamezwa, halafu kivuli cha sketi ya mwanzo nikakiweka juu kwa Multiply. Pindo nalo likatike palepale herufi zinapokatika.